Pasta, Salimia Watu Bila Kuwapanga

Wasee, leo naongea kuhusu dakika ya kwanza ya mahubiri. Mahubiri yenyewe nimeyaacha kando. Naongelea ile sehemu mhubiri ameshika maiki, Biblia iko wazi lakini hajasoma kitu, na anaanza kusalimia. Mbele yake kuna wazee kwenye viti vya mbele. Nyuma na kando ya spika kuna vijana. Na mahali fulani katikati ameketi mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapo, anaangalia mlango kila baada ya nusu dakika.

Maoni yangu ni haya: makanisa mengi ya mjini yanampoteza huyo wa katikati kabla andiko lolote halijasomwa. Vijana wanapotezwa hapo pia, ila wao hawatoki, wanaingia tu kwa simu. Kinachowapoteza wote wawili ni kwamba salamu imegeuzwa kuwa roll-kol. Badala ya kuwakaribisha watu, inawapanga kwa madaraja.

Kazi yangu ni kutengeneza video, kwa hivyo mwanzo wa kitu chochote naupima bila kutaka. Hebu tupime mwanzo huu ambao nimeuunga kutoka kwa zile nimesikia tangu nikiwa Sande skuli. Si wa kanisa moja, lakini nabeti unaujua:

"Bwana asifiwe! Aah, hamjaitikia vizuri. Nimesema Bwana asifiwe! Hiyo ni upande wa kina mama pekee, wanaume mko wapi? Mungu ni mwema! Na wakati wote! Hebu mwambie jirani yako, umependeza. Nitambue mchungaji wetu kiongozi na mama mchungaji, wazee wa kanisa, mheshimiwa wetu ambaye ametutembelea, itifaki imezingatiwa. Vijana, niaje? Naona wengine bado wako kwa simu, haya, mko kanisa la kesho. Na kama kuna wageni wa mara ya kwanza, simameni tuwaone, msiogope, mtuambie jina na mnatoka wapi."

Sasa tuichambue polepole, kwa sababu kila sentensi hapo inafanya kazi ambayo mhubiri hakukusudia.

Anza na "Bwana asifiwe". Mimi sina shida nayo hata kidogo, na nadhani ndiyo salamu bora tuliyo nayo. Ilisambaa na ule uamsho wa Afrika Mashariki ulioanza miaka ya 1930 pande za Gahini, Rwanda, ukapita Uganda na kufika Kenya kabla ya muongo huo kuisha. Watu wa uamsho waliitana ndugu, na mtu yeyote angesimama atoe ushuhuda, awe mkulima, karani au kasisi. Angalia vile salamu hiyo imejengwa. Shikamoo ina mdogo anayeanza na mkubwa anayejibu marahaba. "Bwana asifiwe" haina mkubwa. Msichana wa miaka 15 anaweza kuianzisha na mzee wa miaka 80 akaitikia, na hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima, kwa sababu sifa imeenda kwingine kabisa. Ni salamu ambayo ilikuja kusawazisha watu.

Halafu mhubiri anafanya nini nayo? Anaigeuza mtihani. "Hamjaitikia vizuri." Yaani neno la pili kutoka kwa mimbari ni kugombeza. Mgeni ambaye alikuwa anatafuta jibu sahihi sasa anajua amelikosa. Na "Mungu ni mwema" ni vilevile: kwa mwenyeji ni furaha, kwa mgeni ni neno la siri. Watu 300 wanajibu kwa pamoja kitu ambacho yeye hajui, na dakika haijaisha tayari ameonyeshwa kwamba hii nyumba ina wenyewe. "Mwambie jirani yako" inamaliza kabisa. Mgeni hana jirani. Kushoto kwake kuna watu wawili wanaojuana wakigeukiana, kulia kwake kuna nguzo.

Linganisha na msikiti wa Pwani siku ya Ijumaa. Khatibu anapanda mimbari, anatoa salamu moja, anaketi, adhana inaadhiniwa, kisha anasimama na kuanza kwa kumhimidi Mungu. Ile "alaykum" ni wingi. Inashika tajiri, mvuvi, mtoto na mpita njia aliyeingia kuswali tu aendelee na safari. Hakuna anayetajwa kwa cheo. Sisemi makanisa yaige khutba, kila nyumba ina taratibu zake. Nasema tu kwamba kuna watu wamefungua ibada kwa karne nyingi kwa salamu moja ya wote, na hakuna mzee aliyelalamika kwamba amesahaulika.

Twende kwa itifaki. Mtu akisema "itifaki imezingatiwa" huwa tayari ameshaisoma orodha yote, na orodha hiyo ina mpangilio ambao kila mtu anausikia. Mwenye cheo kwanza, mwenye pesa baadaye kidogo, vijana mwisho, mgeni mwisho kabisa. Kwa mazishi na harambee naelewa, hizo ni shughuli za watu na vyeo vyao. Lakini Yakobo kwenye sura ya 2 ya waraka wake aliongea kuhusu hili jambo waziwazi: mtu mwenye pete ya dhahabu anapewa kiti kizuri, maskini anaambiwa akae chini. Mimi naona salamu ni kiti pia. Ukitajwa jina na cheo umepewa kiti cha mbele, hata kama umeketi nyuma.

Kanisa lenyewe limewahi kuliona hili. Septemba 2021, Butere, siku ya kumtawaza Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana hapa Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alisema wanasiasa hawatapewa nafasi ya kuongea. Waje waabudu kama washirika wengine. Wanasiasa wakubwa walikuwa wameketi hapohapo. Wengi walichukulia hiyo kama habari ya siasa. Mimi naichukulia kama habari ya salamu, kwa sababu mwanasiasa hahitaji nusu saa ya maiki. Ile "na mheshimiwa wetu, hebu upunge mkono" inamtosha, na klipu yake inatoka hapo. Ukimnyima hotuba halafu umtambue kwa jina katika salamu, bado umempa alichokuja kutafuta.

Sasa haya maneno matatu: wazee, vijana, wageni. Yanaonekana rahisi lakini yana mtego.

"Wazee" katika makanisa mengi yetu lina maana mbili. Kuna mzee wa kanisa, ambacho ni cheo, mtu alichaguliwa na anakaa kwa vikao. Pale PCEA kwa mfano, mzee wa kanisa anaweza kuwa mwanamke wa miaka 45. Halafu kuna mzee wa umri, shosho ambaye ametembea na mkongojo kutoka stegi. Mhubiri akisema "nawasalimu wazee wetu" akiwa ameangalia viti vya mbele, wenye cheo wanaitikia kwa kichwa, na shosho wa safu ya saba anabaki hajui kama ametajwa. Dawa yake ni sentensi nne za ziada, na mbele utaziona.

"Vijana" ni shida zaidi. Katiba yetu ya 2010 inasema kijana ni mtu kuanzia miaka 18 hadi kabla hajafika 35. Kanisani neno hilo linamaanisha tu mtu ambaye hajaoa wala kuolewa, pamoja na wale wa sekondari. Kwa hivyo unaposema "vijana niaje", unaongea na mtoto wa sekondari na jamaa wa miaka 33 mwenye watoto wawili na madeni, wote kwa sauti ileile ya kuchezea watoto. Na ile "kanisa la kesho" iachwe kabisa. Huyo anayepanga sauti saa hii, huyo anayeshika kamera ili mahubiri yafike kwa wagonjwa nyumbani, huyo anayefundisha Sande skuli, ni kanisa la leo. Ukimwambia yeye ni wa kesho, umemwambia kazi yake ya leo haihesabiki.

Kuhusu sheng: pasta, usijaribu. Hakuna kitu kinazeeka haraka kama neno la mtaani. Ukilitoa mimbarini, vijana watacheka, na wewe utadhani mmeelewana. Na utani wa simu unauma kuliko unavyofikiria. Nusu ya hao walioshika simu wanasoma Biblia humohumo, na hiyo nusu ingine umewapa ruhusa ya kuendelea kwa sababu umeshawaweka kwa kundi la wasiosikiliza.

Halafu "wageni simameni". Hapa ndipo niko na kinyongo, nitasema ukweli. Niliacha chuo mwaka wa pili. Nikiwa bado nazoea hiyo hali, nilienda kanisa moja mtaani, jina naliacha, nikaambiwa nisimame. Jina, nikasema. Unatoka wapi, nikasema. Kisha swali likaongezwa kwa upendo kabisa: "Na uko chuo gani, kijana wetu?" Watu wote wamegeuka. Aliyeuliza hakuwa na ubaya, alitaka tu kunipandisha bei mbele ya watu. Lakini swali lililonifanya niamke asubuhi niende kanisa ndilo niliulizwa kwa maiki.

Fikiria ni nani huingia kanisa geni Jumapili. Wachache wamehamia mtaa mpya na wanatafuta ushirika. Wengine wamefiwa. Mwingine amefutwa kazi, na bado hajamwambia mke wake. Kuna dada ameacha kanisa lake la zamani kwa sababu ya jambo lililotendeka huko, na hataki kulitaja. Unapomwambia huyo dada ajitambulishe na aseme anashiriki wapi, umempa njia mbili: adanganye ndani ya nyumba ya Mungu au aeleze watu 300 mambo yake. Ndiyo maana nawajua wasee huingia kanisani wakiwa wamechelewa nusu saa kwa makusudi. Wanapiga hesabu ya matangazo na utambulisho, wanangoja kwa geti mpaka viishe. Wahudumu wanadhani vijana hawajui saa. Wanaijua vizuri sana.

Na kuna kitu kingine watu hawaangalii. Mhubiri anaposimama, mgeni huwa tayari amesalimiwa mlangoni, akasalimiwa na anayeongoza ibada, akasalimiwa na waimbaji, na akatajwa kwa matangazo. Hii ya mhubiri ni salamu ya tano. Kazi ya kumtambua mgeni ilishafanywa, au ilipaswa kufanywa, na watu wengine. Mhubiri akiirudia kwa kumsimamisha haongezi ukarimu.

Lakini nisikilize pia upande wa pili, kwa sababu uko na uzito. Nilibishana na shosho yangu juu ya hili akaniambia nimekaa Nairobi sana. Huko ocha, kanisa la watu 40, kila mtu ameshaona mgeni ameingia. Usipomtambua umemdharau. Yeye mwenyewe akisafiri hubeba salamu kutoka kwa kanisa lake, na huwa anataka kusimama azitoe. Asiposimamishwa, atarudi nyumbani akisema hao watu wana kiburi. Ana haki. Kwa mgeni mzee, kusimama mara nyingi ni heshima. Kwa mgeni kijana, au mtu aliyekuja na jeraha, ni adhabu. Mhubiri hawezi kujua nani ni nani akiwa mimbarini.

Anayeweza kujua ni mhudumu wa mlangoni. Swali lenyewe ni moja na linaulizwa kwa sauti ya chini: "Karibu. Ungependa tukutambulishe baadaye, au uketi tu utulie?" Anayetaka, jina lake na salamu zake zinaandikwa kwa karatasi, inapelekwa kwa anayesoma matangazo, na anasimama akijua kinachokuja. Asiyetaka anaachwa. Haihitaji bajeti, inahitaji kalamu. Na mhubiri anabaki huru kusalimia wote bila kumnyanyua mtu.

Sasa nifanye ile kitu watu hupenda kuniambia, "wewe basi ungesema nini?" Chukulia mhubiri ana miaka 35, ni ibada ya pamoja ya Nairobi, wazee mbele, vijana nyuma, wageni sita hivi wametawanyika. Ningemwandikia hivi:

"Bwana asifiwe. Asanteni. Wazazi wetu, mlioketi mbele na mlioketi nyuma, wengine wenu mlikuwa mnaomba hapa kabla mimi sijazaliwa. Nawasalimu kama mtoto wenu. Kile nitasema leo, nyinyi mmekiishi. Nikikosea mtanirekebisha tukitoka. Vijana, asubuhi ya leo hii sauti mnayoisikia na hivi viti mnavyokalia vimepangwa na wenzenu waliofika hapa mapema. Asanteni. Sitaongea juu yenu leo, nitaongea na nyinyi. Na kama leo ni mara yako ya kwanza hapa, karibu. Hutaombwa kusimama. Nitaongea kama nusu saa, kisha tutaimba, kisha sadaka itapita. Wewe ni mgeni, haikulazimu. Tukimaliza kuna chai hapo nje upande wa kulia. Ukitaka kuongea na mtu, nitakuwa hapo. Ukitaka kwenda nyumbani, nenda na amani. Sasa tusome."

Niliisoma kwa sauti nikiwa nimewasha saa ya simu. Ni dakika moja na sekunde kidogo, bila haraka. Ile ya kwanza, ukiongeza kurudia salamu, kungoja wageni wasimame na majina kutajwa, inaweza kukula dakika saba au nane za mahubiri ya dakika 40.

Ona vile kila kundi limepewa kitu tofauti. Wazee wamepewa unyenyekevu, ile kazi shikamoo hufanya, bila neno lenyewe. Ukiwa Mombasa au Lamu, sema shikamooni wazee wangu, utajibiwa marahaba na kila mtu atatulia. Nairobi ukiisema utapata kimya na vicheko vya watu wanaokumbuka darasa la Kiswahili, kwa hivyo ni heri useme maana yake. Vijana wamepewa shukrani kwa kitu halisi walichofanya asubuhi hiyo. Hii ina sharti: lazima iwe kweli. Kama hakuna kijana aliyepanga kiti, usiseme. Uliza kabla ya ibada nani alifanya nini, utapata tu kitu. Na mgeni amepewa habari. Mtu aliye mahali pageni haogopi kukosa sifa, anaogopa kutojua nini kinafuata. Ukimwambia muda, ukimwondolea hofu ya sadaka, na ukimwonyesha njia ya kutoka kwa heshima, mabega yanashuka.

Utajuaje kama imefanya kazi? Usihesabu sauti ya "amina", hiyo wenyeji watakupa hata ukikohoa. Simama karibu na chai baada ya ibada uangalie mambo mawili. La kwanza, yule ambaye hakutaka kusimama amebaki hata dakika kumi? La pili, kuna mzee amemwendea kijana, au kijana amemwendea mzee, bila kutumwa? Kama kila kundi bado limesimama peke yake, wazee kivulini, vijana kwa spika, mgeni tayari yuko stegi, basi salamu iliwapanga na mahubiri hayakuweza kuwapangua.

Kwa hivyo pasta, ukishika maiki Jumapili, tusalimie mara moja tu. Halafu soma andiko.